Kibera ina watu wangapi? Uchambuzi wa kisa kimoja cha utafiti wa maktabani

Chukua kazi ya aina hii, ambayo huwafikia watafiti wa Nairobi mara kwa mara. Shirika linataka kujenga vyoo vya umma Kibera, mtaa wa mabanda wa Nairobi. Halina fedha za kuhesabu watu nyumba kwa nyumba, kwa hiyo linampa mtafiti siku chache na swali moja: Kibera ina wakazi wangapi? Jibu litafutwe katika maandishi yaliyopo, bila kwenda uwanjani.

Swali linaonekana jepesi mpaka mtu aanze kusoma. Ndani ya saa moja mtafiti atakuwa na namba zinazopishana karibu mara sita: 170,070 huku, 200,000 na kitu kule, 500,000 kwingine, na milioni moja au zaidi katika kurasa nyingi kuliko zote. Tofauti hiyo haiwezi kupuuzwa. Tukichukua kipimo cha choo kimoja kwa watu 50, ambacho miongozo ya kimataifa ya misaada iitwayo Sphere hukiruhusu mwanzoni mwa dharura, watu 170,000 wanahitaji vyoo 3,400, na watu milioni moja wanahitaji vyoo 20,000. Bajeti moja hailingani na nyingine kwa lolote.

Makosa mawili hufanywa hapa. La kwanza ni kuchukua namba inayojirudia zaidi, kwa imani kwamba wengi hawawezi kukosea. La pili ni kutafuta wastani wa namba zote, jambo ambalo lina sura ya busara lakini huchanganya vipimo na uvumi kwenye sufuria moja. Anayejua kazi huiuliza kila namba: nani alihesabu, alihesabu lini, alihesabu eneo lipi, na alitumia njia gani? Namba isiyo na mtu aliyehesabu si data, hata ikichapishwa na nani.

Msingi na upili, hapa na pale

Vitabu vya mbinu za utafiti hutufundisha kwamba data za msingi ni zile anazozikusanya mtafiti mwenyewe kwa ajili ya swali lake, na data za upili ni zile zilizokusanywa na mwingine kwa shabaha nyingine. Kwa maana hiyo kila kitu atakachokishika mtafiti wetu ni cha upili, ikiwemo sensa. Lakini akiishia hapo, tofauti hiyo haitamsaidia kitu, maana ataiweka sensa na makala ya gazeti kwenye kapu moja.

Kinachomfaa ni kupima umbali kati ya andiko na tukio la kuhesabu. Sensa ya Agosti 2009 ni data za msingi kwa Shirika la Taifa la Takwimu la Kenya, yaani KNBS, kwa sababu makarani wake ndio waliobisha hodi. Juzuu ya matokeo iliyochapishwa na KNBS ni chanzo asilia cha sensa hiyo. Habari ya gazeti inayonukuu juzuu hiyo iko hatua moja mbali, ripoti ya shirika linalonukuu gazeti iko hatua mbili, na tovuti inayonukuu ripoti iko hatua tatu. Kila hatua kuna kitu kinachodondoka njiani: kwanza mwaka, halafu mpaka wa eneo, halafu maneno kama "takriban" au "inakadiriwa". Mwisho inabaki namba peke yake, imesimama kama ukweli.

Namba ya milioni moja ni mfano mzuri wa mnyororo wa namna hiyo. Mtafiti akifungua kurasa zinazoitaja, nyingi hazitaji chanzo kabisa. Zinasema tu "inakadiriwa". Zinazotaja huelekeza kwenye ripoti nyingine, ambayo nayo humwelekeza kwingine, na pengine mduara unafunga: ripoti ya pili inanukuu taarifa ya habari iliyoandikwa kutokana na ripoti ya kwanza. Kurasa hamsini za namna hii ni shahidi mmoja aliyesikika mara hamsini. Kinachoonyesha hilo ni jinsi maneno yenyewe yanavyorudi bila kubadilika, hasa kishazi kwamba Kibera ndiyo mtaa wa mabanda mkubwa kuliko yote Afrika, kilichokuwa kikiambatana na namba hiyo kama pacha. Dalili nyingine ni namba kutosogea. Idadi ya watu inayobaki ile ile kwa miaka kumi na zaidi, katika jiji lililokua kutoka watu 2,143,254 mwaka 1999 hadi 3,138,369 mwaka 2009, haitoki kwenye kipimo chochote.

Kuufuata mnyororo hakuhitaji ujanja mkubwa. Tafuta namba kamili pamoja na jina la mahali, tafuta ndani ya tovuti ya mwenye takwimu, na tumia tahajia zote mbili, maana Kibera huandikwa pia Kibra na jimbo la uchaguzi lenyewe linaitwa hivyo:

```
"Kibera" "170,070"
Kibera population site:knbs.or.ke
"Kibra" 2019 census filetype:pdf
```

Ukipata ripoti, usisome muhtasari wa mwanzo. Nenda moja kwa moja kwenye tanbihi ya ile namba, kisha fungua andiko lililotajwa humo. Ukikuta andiko hilo halifunguki, au linafunguka na namba haimo, mnyororo umekatika, nawe uandike hivyo kwenye daftari lako. Mara nyingi hatua tatu zinatosha kujua kama kuna aliyehesabu au la.

Kipimo cha chaki ubaoni

Kabla ya kuendelea na vyanzo, namba kubwa inaweza kujaribiwa kwa hesabu ya darasa la saba. Sehemu ya mabanda ya Kibera ina ukubwa wa takriban kilomita 2.5 za mraba, yaani mita za mraba 2,500,000. Watu milioni moja hapo wangepata mita za mraba 2.5 kila mmoja, zaidi kidogo tu ya ukubwa wa godoro moja la futi nne kwa sita. Na hapo tumeshahesabu njia, mitaro, reli, shule, misikiti, makanisa na soko la Toi upande wake kana kwamba zote ni vyumba vya kulala.

Tuendelee hatua moja. Tuseme nusu ya eneo imefunikwa na paa, na kila paa ni la chumba cha kuishi, jambo ambalo tayari ni ukarimu. Tunabaki na mita za mraba 1,250,000. Chumba cha kawaida Kibera hutajwa kuwa futi 12 kwa 12, ambazo ni kama mita za mraba 13.4. Tunapata vyumba 93,000 hivi. Mwaka 2009 kaya ya wastani Nairobi ilikuwa na watu 3.2, na kwa wapangaji wa hapa chumba kimoja kwa kawaida ndiyo kaya nzima. Zidisha: chini kidogo ya watu 300,000. Ili tufike milioni moja, kila chumba kingelaza karibu watu 11.

Mtu anaweza kupinga makadirio yetu, na ana haki. Basi tuyavute kwa upande wake. Vyumba viwe futi 10 kwa 10, paa zifunike asilimia 70 ya eneo, na kusiwe na duka wala kinyozi hata mmoja. Hata hapo tunaishia kama 600,000. Nyumba zingekuwa za ghorofa, hesabu ingekuwa nyingine kabisa, lakini sehemu kubwa ya mabanda haya ni ya sakafu moja.

Hesabu hii haisemi Kibera ina watu wangapi. Inasema tu ni namba zipi haziwezekani, na hiyo ni kazi ya kutosha kwa robo saa. Inashangaza kidogo kwamba namba ya milioni ilizunguka miaka mingi kwenye maandishi ya watu wenye kikokotoo mkononi.

Wanne waliohesabu kweli

Tukiondoa wanaonukuu, wanabaki wachache ambao kweli walihesabu kitu.

Wa kwanza ni sensa ya usiku wa tarehe 24 kuamkia 25 Agosti 2009. Matokeo yalitangazwa mwisho wa Agosti 2010, na siku chache baadaye gazeti la Daily Nation likaandika kwamba Kibera ilikuwa na watu 170,070. Habari hiyo ilizua zogo, maana iliangusha kwa siku moja namba ambayo kila mtu alikuwa ameizoea.

Hapa pana jambo ambalo watu hulipita bila kuliona. Katika majedwali ya sensa hakuna mstari unaosomeka "mtaa wa mabanda wa Kibera". Sensa huhesabu kwa mipaka ya utawala: kata, na ndani yake kata ndogo. Namba ya 170,070 ni jumla ya kata ndogo kama Lindi, Laini Saba, Makina, Kianda, Gatwekera na Silanga. Kwa hiyo ni data za sensa zilizopitia mkono wa mtu aliyeamua kata ndogo ipi ni Kibera na ipi siyo. Mtafiti asiinukuu kutoka gazetini. Afungue juzuu ya sensa inayogawa watu kwa maeneo ya utawala, ajumlishe mwenyewe, na aandike orodha ya kata ndogo alizozijumlisha. Akipata jumla iliyopishana kidogo na ya gazeti asishtuke. Ameamua mpaka tofauti, na ni wajibu wake kuueleza.

Wa pili ni kampuni ya Ubelgiji, Keyobs, iliyotumia picha za setilaiti za mwaka 2009, pamoja na kazi ya uwanjani ya watafiti wa IFRA, taasisi ya Ufaransa ya utafiti wa Afrika iliyoko Nairobi. Matokeo yao ya mwaka 2011 yaliweka idadi karibu na 200,000. Njia yenyewe ni kuhesabu na kupima mapaa kutoka juu, kisha kwenda chini kuona ndani ya paa wanalala wangapi. Picha haidanganyi kuhusu paa. Kosa likiwepo liko kwenye idadi ya watu kwa chumba, na kwenye kujua paa lipi ni la duka.

Wa tatu ni mradi wa mtafiti Mwitaliano Stefano Marras, ulioitwa Map Kibera Project. Timu yake ilihesabu kijiji kimoja, Kianda, mlango kwa mlango, ikapata watu 15,219, ambao ni kama 95,000 kwa kilomita moja ya mraba. Kisha ikazidisha msongamano huo kwa eneo lote ikapata kati ya 235,000 na 270,000. Kazi ya Kianda ni ya nguvu, tena huenda ni makini kuliko ya sensa kwa kijiji hicho. Udhaifu uko kwenye kuzidisha, kwa sababu kunachukulia kwamba vijiji vingine vyote vimebanana kama Kianda, na upana wa makadirio yenyewe unatokana zaidi na ukubwa wa eneo ulioingizwa kwenye hesabu: zidisha 95,000 kwa kilomita 2.5 za mraba upate ncha ya chini, zidisha kwa kama 2.8 upate ya juu. Anayenukuu 270,000 bila kutaja hilo ananukuu mpaka wa ramani akidhani ananukuu watu.

Tahadhari moja ya majina. Mradi huo wa Marras si ule wa Map Kibera ulioanza mwishoni mwa 2009 kwa vijana wa mtaani kuchora njia, visima na zahanati kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni. Majina yanafanana, maandishi mengi yanaichanganya, na mtafiti asiyechunguza ataupa mradi mmoja matokeo ya mwingine. Ramani ya vijana ni chanzo kizuri sana cha kujua vyoo vilivyopo viko wapi, swali ambalo mteja wetu atakuwa nalo muda si mrefu. Kwa idadi ya watu, haikukusudiwa hivyo.

Wa nne ni sensa ya 2019, na hapo ndipo penye mtego mkubwa kuliko yote.

Jina lile lile, eneo jingine

Juzuu ya kwanza ya sensa ya 2019 inaonyesha kaunti ndogo ya Kibra ikiwa na watu 185,777. Mtafiti mwenye haraka ataiweka pembeni ya 170,070 ya mwaka 2009 na kuandika kwamba Kibera imekua kwa asilimia 9 katika miaka kumi. Sentensi hiyo ni safi kisarufi na haina maana yoyote. Kaunti ndogo ya Kibra ina kilomita za mraba 12 hivi, na jimbo lenye jina hilo linajumuisha pia Woodley na Kenyatta Golf Course, ambako si mabanda. Eneo limepanuka, kwa hiyo tofauti ya namba haisemi chochote kuhusu kukua.

Rudi nyuma na mtego unajirudia kwa sura nyingine. Sensa ya 1999 ina mstari wa Kibera wenye watu 286,739. Ukiulinganisha na 2009, Kibera imepoteza watu wanne kati ya kila kumi! Lakini mstari wa 1999 ni wa tarafa ya Kibera, moja ya tarafa nane za Nairobi wakati huo, na tarafa hiyo ilibeba pia Lang'ata na Karen. Hata hivyo mstari huo una faida yake, na ni wa aina ambayo mtafiti mzuri huifurahia. Kama tarafa nzima, pamoja na majumba yenye bustani ya Karen, ilihesabiwa na kupatikana watu 286,739, basi anayedai kwamba sehemu ya mabanda peke yake ilikuwa na watu 700,000 mwaka huo anadai sensa ilikosa zaidi ya nusu ya watu wote wa tarafa. Dai hilo linawezekana kutolewa, ila linahitaji ushahidi wake, na ushahidi huo hauonekani popote kwenye mnyororo.

Kwa mwaka 2019 njia sahihi ni kuacha juzuu ya kwanza na kwenda ya pili, inayoshuka mpaka kata ndogo, kisha kujumlisha tena zile zinazofunika mabanda. Hapo pia angalia kama mipaka ya kata ndogo imebaki ile ile. Kenya hugawa maeneo ya utawala mara kwa mara, na kata ndogo moja ya 2009 inaweza kuwa mbili ya 2019. Jina likibaki na eneo likikatwa, utaona watu wamepungua ghafla. Namna ya kugundua ni rahisi: jedwali hilo hilo huweka ukubwa wa eneo kwa kilomita za mraba pembeni ya idadi. Linganisha maeneo kabla hujalinganisha watu.

Kuna pia mambo ambayo yalitokea kweli kati ya sensa mbili. Julai 2018 nyumba za maelfu ya watu na shule kadhaa zilibomolewa kupisha barabara inayounganisha Ngong Road na Lang'ata. Hesabu ya kabla ya hapo haiwezi kutumiwa kwa vijiji vilivyopitiwa na barabara hiyo, hata kama mhesabuji alikuwa hodari vipi. Ubora wa chanzo ni kitu kimoja, na kufaa kwake kwa swali la leo ni kingine. Hesabu ya Kianda inaweza kuwa bora na isifae.

Je, sensa iaminiwe kwa sababu ni ya serikali?

Hapana, na Kenya yenyewe ina mfano wake. Matokeo ya 2009 yalipotangazwa, serikali ilizikataa namba za wilaya nane za Turkana, Mandera, Wajir na Garissa, kwa sababu watu walikuwa wameongezeka kuliko vizazi na vifo vinavyoweza kueleza. Sensa hugusa mgawo wa fedha na majimbo, na penye mgawo pana mkono unaotaka namba ipande.

Kinachofaa kuulizwa kwa Kibera ni kosa lingeelekea upande gani. Makarani waliohesabu usiku huo wangeweza kukosa waliokuwa kazi za ulinzi, waliosafiri mashambani, na wapangaji waliofunga mlango. Nyumba zilizopangwa nyuma ya nyumba, ambazo kichochoro chake hakionekani kutoka njiani, hurukwa kwa urahisi. Kwa hiyo 170,070 inaelekea kuwa chini ya idadi halisi badala ya juu yake. Upande wa pili, makadirio ya kuzidisha Kianda yanaelekea kuwa juu iwapo Kianda imebanana kuliko kwingine. Mashirika yaliyotumia namba kubwa nayo yalikuwa na sababu ya kuipenda, maana namba kubwa huvuta wafadhili; hilo halithibitishi kwamba walidanganya, linaeleza tu kwa nini hakuna aliyekuwa na haraka ya kuikagua.

Sasa tazama mpangilio unaotokea. Hesabu tatu za miaka ile ile, kwa njia tatu zisizotegemeana, yaani karani mlangoni, picha kutoka angani, na kijiji kimoja kilichozidishwa, zinaangukia kati ya 170,000 na 270,000. Makosa ya kila moja ni ya aina yake, hivyo si rahisi zote zikosee kwa pamoja kuelekea sehemu moja. Upande wa pili ipo namba ya milioni yenye kurasa nyingi, isiyo na mhesabuji hata mmoja, na inayoshindwa hesabu ya eneo. Hapo ndipo mtafiti anapata ujasiri wa kuandika, na ujasiri huo hautokani na jina kubwa la shirika lolote.

Kinachoingia kwenye ripoti

Mteja angependa namba moja. Apewe ncha ya chini na ya juu pamoja na maelezo yake, kwa maneno yasiyozidi aya moja. Kitu kama hiki kinatosha: "Mwaka 2009 sehemu ya mabanda ya Kibera, yenye takriban kilomita 2.5 za mraba, ilikuwa na watu kati ya 170,000 (sensa, jumla ya kata ndogo zilizoorodheshwa, inaelekea kuwa pungufu) na 270,000 (hesabu ya Kianda iliyozidishwa, inaelekea kuzidi). Makadirio ya setilaiti yako karibu na 200,000. Namba za 500,000 na kuendelea hazikutumika kwa sababu hazina hesabu iliyofuatika hadi chanzo." Chini yake iwekwe jumla ya kata ndogo za 2019 kutoka juzuu ya pili, ikitajwa kwa eneo lake na bila asilimia ya kukua, isipokuwa mipaka imethibitishwa kulingana.

Daftari la vyanzo lisifichwe. Kwa kila namba iliyoguswa, hata iliyokataliwa, iandikwe nani alihesabu, mwaka, eneo kwa kilomita za mraba, njia, na umbali wa andiko lililosomwa kutoka kwa hesabu yenyewe. Zilizokataliwa ndizo zitakazoulizwa kwanza, kwa kuwa mjumbe mmoja mezani lazima atakuja na ile milioni.

Kwa ujenzi wa vyoo, ncha hizo mbili zinatoa kati ya vyoo 3,400 na 5,400 kwa kipimo tulichotumia. Pengo hilo ni kubwa kwa fundi lakini dogo kwa mpango, maana hakuna shirika litakalojenga vyoo 3,400 kwa mkupuo. Awamu ya kwanza itakuwa ya mamia, na kwa hiyo itakuwa ile ile kwa namba zote mbili. Hapa ndipo utafiti wa maktabani unapofika ukomo, na mtafiti anapaswa kusema hivyo badala ya kuendelea kutafuta PDF nyingine. Kama mteja anataka kulipunguza pengo, kinachokosekana ni kitu kimoja, watu wangapi kwa chumba leo, na hicho hakipatikani maktabani. Kinahitaji data za msingi: kuchagua kwa bahati nasibu viwanja 20 au 30 vya mita 50 kwa 50 kwenye picha ya setilaiti ya karibuni, kuhesabu milango ndani ya kila kiwanja, na kuuliza mlango kwa mlango wamelala wangapi jana usiku. Timu ndogo yenye wenyeji wa vijiji hivyo inaweza kuimaliza kwa wiki chache, na matokeo yake yakiunganishwa na hesabu ya mapaa yatafaa kuliko makala yoyote ya zamani.

Na swali la mwisho ambalo sensa yoyote, iwe nzuri kiasi gani, haiwezi kulijibu kwa kazi hii: sensa huhesabu waliolala. Choo cha njiani Laini Saba hutumiwa mchana na wanafunzi, wachuuzi na wapita njia ambao usiku wako kwingine, na wakazi wengi mchana wako kazini Industrial Area au mjini. Namba ya wakazi inasaidia kupanga vyoo vya nyumbani na vya uani. Kwa vyoo vya sokoni na vya kando ya barabara, mtu akae pale na kuhesabu wanaopita kuanzia saa kumi na mbili asubuhi.